Dozi ya Mtoto Ambaye Hajapimwa Uzito

Mada kwa wahudumu wa zahanati, wahudumu wa afya ya jamii na wazazi wa Kaunti ya Taita Taveta



Mtu mzima akienda hospitali, mara nyingi huandikiwa vidonge viwili au vitatu bila kuulizwa uzito wake. Kwa mtoto mambo ni tofauti. Kipimo cha dawa yake huandikwa kwa miligramu kwa kila kilo ya mwili. Ukiambiwa dawa fulani ni miligramu 3 kwa kilo, mtoto wa kilo 10 atapata miligramu 30 na wa kilo 15 atapata miligramu 45. Hesabu yenyewe ni ya darasa la nne. Kazi huwa ngumu pale ambapo kilo hazijulikani, na mtoto hawezi kusubiri.

Hali hiyo si ngeni katika kaunti hii. Mtoto mwenye degedege hawezi kulazwa kwenye mizani. Mizani yenyewe inaweza kuwa imeishiwa betri. Aliyemleta huenda si mama yake, na kitabu cha kliniki kimebaki nyumbani. Mada hii inafuata mtoto mmoja wa aina hiyo, kuanzia mlango wa zahanati hadi wodi ya watoto mjini Voi. Mtoto huyo ni wa mfano tu, lakini vipimo vya dawa ni vile vinavyotumika kweli.

Ni Oktoba 2025. Nyanya mmoja anafika kwenye zahanati ya bondeni, upande wa Kasigau, akiwa amembeba mjukuu wake wa kiume. Mtoto amekuwa na homa kwa siku mbili, na njiani degedege limemshika. Anapofika bado anatetemeka, na limeshapita dakika 5. Muuguzi anamlaza ubavu, anahakikisha njia ya hewa iko wazi, anamwekea oksijeni, kisha anauliza:

"Nyanya, mtoto ana miaka mingapi?"

"Ameingia wa nne, mwanangu."

Hapa ndipo kosa la kwanza linapoweza kuingia. Aliyeingia mwaka wa nne ametimiza miaka 3, si 4. Muuguzi akiandika 4, uzito wa kukadiria utapanda kwa kilo 2 papo hapo. Kwa hiyo anauliza tena, safari hii akitafuta tukio badala ya namba: "Alizaliwa kabla au baada ya uchaguzi mkuu?" Nyanya anajibu bila kusita: "Baada. Mwezi uliofuata." Uchaguzi ulikuwa Agosti 2022, basi mtoto alizaliwa Septemba 2022. Ana miaka 3 na mwezi mmoja. Mvua, uchaguzi, kufunguliwa kwa shule au kuzaliwa kwa mtoto wa jirani hukumbukwa vizuri kuliko tarehe.

Umri ukijulikana, kuna kanuni ya zamani ambayo wauguzi wengi wanaikariri. Chukua umri kwa miaka, ongeza 4, kisha zidisha kwa 2:

(umri + 4) × 2 = kilo

Mtoto wa miaka 3 anakuwa na kilo 14. Kama angeandikwa ana miaka 4, angekuwa na kilo 16. Kanuni hii ni ya watoto wa kuanzia mwaka 1, na ni nyepesi kiasi cha kufanyika kichwani huku mikono ikiwa na kazi nyingine. Udhaifu wake ni kwamba ilianzia Uingereza, kwa watoto wa kule. Inamwambia muuguzi mtoto wa umri huo *angekuwa* na uzito gani kama amelishwa vizuri na hajaugua. Haimwambii mtoto huyu aliye mbele yake ana uzito gani.

Na katika nyanda za chini za Voi, ambako mvua ikikosa msimu mmoja sufuria huhisi, tofauti hiyo ni kubwa. Muuguzi anatazama mbavu na mikono ya mtoto. Anachukua utepe wa kupimia mkono, ule wenye rangi tatu, na kuuzungusha katikati ya mkono wa juu. Unasoma sentimita 12.0, yaani rangi ya manjano. Chini ya 11.5 ingekuwa nyekundu, utapiamlo mkali. Kuanzia 12.5 kwenda juu ingekuwa kijani. Utepe huu hautoi kilo, lakini unatoa onyo: mtoto huyu ni mwepesi kuliko umri wake unavyosema.

Kijitabu cha Wizara ya Afya cha miongozo ya msingi ya tiba ya watoto, ambacho hukaa mfukoni mwa koti katika hospitali nyingi za Kenya, kina jibu kwa hali hii. Mtoto akionekana wazi kuwa amekonda, mhudumu atafute kundi la umri wake, kisha arudi nyuma makundi mawili na kutumia uzito wa kundi hilo dogo. Kwa mfano, mtoto mwembamba wa miezi 10 hupewa uzito wa mtoto mwenye afya wa miezi 4 hadi 6. Muuguzi wa Kasigau anafanya vivyo hivyo. Mtoto wa miaka 3 anahesabiwa kama wa mwaka 1. Kwa kanuni ile ile, 1 kuongeza 4 ni 5, mara 2 ni kilo 10.

Sasa kuna kilo tatu mezani: 16 kwa umri uliosikiwa vibaya, 14 kwa umri sahihi, na 10 kwa umri sahihi na jicho lililotazama mwili. Ni vyema kuona kila moja ingefanya nini ndani ya sirinji.

Dawa ya kwanza ni ya kukata degedege, diazepamu. Bila mshipa uliopatikana, hutiwa kwenye njia ya haja kubwa kwa sirinji isiyo na sindano, kwa kipimo cha miligramu 0.5 kwa kilo. Ampuli moja ina miligramu 10 katika mililita 2, yaani miligramu 5 katika kila mililita 1. Kwa kilo 16 ni miligramu 8, mililita 1.6. Kwa kilo 14 ni miligramu 7, mililita 1.4. Kwa kilo 10 ni miligramu 5, mililita 1 kamili.

Baadaye itajulikana kwamba mtoto huyu alikuwa na kilo 11.2. Kwa uzito huo wa kweli, alistahili miligramu 5.6. Kama angepewa 8, angekuwa amepokea miligramu 0.7 kwa kilo badala ya 0.5, karibu mara moja na nusu ya kipimo. Diazepamu ikizidi hupunguza pumzi, na mtoto aliyechoka na degedege na homa hana akiba ya pumzi ya kupoteza. Muuguzi aliyempa 5 amekosea kwa kiasi kidogo, na amekosea kwa upande ulio salama. Degedege likiendelea, mwongozo unaruhusu dozi ya pili, ili mradi dozi zisizidi mbili kwa saa 24. Dawa iliyopungua inaweza kuongezwa. Iliyozidi haitoki tena.

Kwa hiyo swali la kwanza kwa kila uzito wa kukadiria ni hili: nikikosea, dawa hii inaumiza zaidi ikizidi au ikipungua? Kwa diazepamu jibu ni ikizidi. Ndiyo maana mfuko wa kupulizia hewa na barakoa yake ya ukubwa wa mtoto huwekwa kando ya kitanda kabla sirinji haijajazwa.

Degedege linakatika. Muuguzi anapima sukari ya damu, na iko sawa. Kipimo cha haraka cha malaria kinaonyesha mtoto ana malaria. Mtoto aliyepata degedege la muda mrefu na bado hajaamka vizuri ana malaria kali, na dawa yake ni sindano ya artesuneti. Zahanati itampa dozi ya kwanza, kisha gari la wagonjwa litampeleka Hospitali ya Rufaa ya Kaunti ya Moi, mjini Voi.

Kwa mtoto aliye chini ya kilo 20, artesuneti ni miligramu 3 kwa kilo. Aliyefika kilo 20 na kuendelea hupata miligramu 2.4 kwa kilo. Kichupa kimoja kina unga wa miligramu 60. Unayeyushwa kwanza kwa mililita 1 ya sodiamu baikaboneti inayokuja nao ndani ya pakiti, kisha unaongezwa maji ya dripu. Kwa sindano ya msuli huongezwa mililita 2, jumla inakuwa 3, na kila mililita ina miligramu 20. Kwa sindano ya mshipa huongezwa mililita 5, jumla inakuwa 6, na kila mililita ina miligramu 10.

Muuguzi anachoma msuli wa paja. Kwa kilo 10 ni miligramu 30, yaani mililita 1.5.

Kwa dawa hii, jibu la swali lile linageuka. Artesuneti ikizidi kidogo haimdhuru mtoto kwa haraka. Ikipungua, vimelea vya malaria vinabaki wakati mtoto hana muda. Mtoto wa kilo 11.2 alistahili miligramu 33.6, naye amepata 30. Ni upungufu wa karibu sehemu moja ya kumi. Kwa dozi moja ya kuanzia, hilo linavumilika, kuliko kukaa bila dawa hadi Voi. Lakini artesuneti hurudiwa baada ya saa 12, tena saa 24 tangu ya kwanza, kisha mara moja kwa siku hadi mtoto aweze kumeza dawa. Upungufu huo ukirudiwa kila mara, si mdogo tena.

Ndiyo sababu mstari muhimu kuliko yote katika barua ya rufaa ya mtoto huyu si ule wa dozi. Ni ule wa uzito. Muuguzi anaandika: "Uzito kilo 10, MAKADIRIO kwa umri, mtoto amekonda, mkono sm 12.0. Mizani haikufanya kazi. Apimwe akifika." Kama angeandika "Uzito kilo 10" na kunyamaza, namba hiyo ingevaa sura ya kipimo. Daktari wa zamu angeichukua, mfamasia angeichukua, na kila dawa ya siku zinazofuata ingehesabiwa juu yake: artesuneti, dripu, viuavijasumu, hata dawa ya homa. Hakuna ambaye angejua kwamba namba hiyo haikutoka kwenye mizani.

Mjini Voi, mtoto ameshatulia lakini hawezi kusimama. Anapimwa kwa njia ambayo kila kituo chenye mizani ya watu wazima kinaweza kuitumia. Nyanya anapanda akiwa amembeba, viatu na leso ya kubebea vikiwa vimewekwa kando: kilo 69.6. Anampa muuguzi mtoto, anapanda peke yake: kilo 58.4. Tofauti ni kilo 11.2. Kazi hiyo inachukua chini ya dakika 2. Kwenye karatasi ya matibabu, kilo 10 zinapigwa mstari mmoja zikiendelea kusomeka, na kando yake panaandikwa 11.2, tarehe, saa, na neno "kipimo". Dozi ya pili ya artesuneti ni 11.2 mara 3, yaani miligramu 33.6. Sasa mshipa umepatikana, basi kila mililita ina miligramu 10, na sirinji inavutwa hadi 3.4.

Hapo pana mtego unaostahili kutajwa. Zahanati ilitoa mililita 1.5 na hospitali inatoa 3.4, lakini dozi haikuongezeka zaidi ya mara mbili. Kilichobadilika zaidi ni wingi wa maji. Mtu anayenakili mililita kutoka kwenye barua bila kusoma miligramu angetoa mililita 1.5 ya dawa ya mshipa, ambayo ni miligramu 15 tu, nusu ya ile ya kwanza. Kwa sababu hiyo dozi ya mtoto huandikwa kwa miligramu kwanza, na mililita hufuata pamoja na nguvu ya dawa iliyochanganywa.

Makosa makubwa zaidi si ya kilo mbili tatu. Ni ya nukta iliyohama, au miligramu zilizosomwa kama mililita. "5" ya diazepamu bila kipimo chake inaweza kuvutwa kama mililita 5, na hiyo ni miligramu 25. Bahati ni kwamba dawa hizi mbili zina kizuizi ambacho mtu yeyote anaweza kukikumbuka. Mtoto wa kilo 20, kwa miligramu 0.5 kwa kilo, anahitaji miligramu 10 za diazepamu: ampuli moja nzima. Mtoto wa kilo 20, kwa miligramu 3 kwa kilo, angehitaji miligramu 60 za artesuneti: kichupa kimoja kizima. Kwa hiyo mtoto aliye chini ya kilo 20, na hao ndio wengi wa walio chini ya miaka mitano, hawezi kuhitaji zaidi ya ampuli moja wala zaidi ya kichupa kimoja kwa dozi. Mkono ukienda kuvunja ya pili, usimame. Hesabu ina kosa, na lisakwe kabla ya kuendelea.

Njia nyingine ya kujihakiki ni kurudi kinyume. Chukua miligramu zilizo ndani ya sirinji, gawanya kwa kilo, uone kama unapata namba iliyo kwenye mwongozo. Miligramu 5 kugawa kwa 10 ni 0.5. Sawa. Ni bora hesabu hii ifanywe na mtu wa pili, kwa sauti, bila kuonyeshwa jibu la wa kwanza.

Je, kuna njia bora ya kukadiria kuliko umri? Ipo. Katika miaka ya 1980 daktari Mmarekani James Broselow alitengeneza utepe wa rangi unaolazwa kando ya mtoto kuanzia utosini hadi kisiginoni. Mahali kisigino kinapoishia panaonyesha kilo na vipimo vya dawa. Utafiti uliofanywa Eldoret na kuchapishwa mwaka wa 2013 uliona kwamba kwa watoto wa Kenya utepe huo ulikaribia uzito wa kweli kuliko kanuni za umri. Lakini hata urefu hausemi unene. Mtoto mrefu aliyekonda bado atahesabiwa kilo ambazo hana, basi jicho na utepe wa mkono vinabaki na kazi yake.

Na kuna chanzo ambacho, kikiwa karibu, hutangulia vyote hivyo: uzito wa mwisho ulioandikwa kwenye kitabu cha kliniki. Mtoto wa kati ya miaka 2 na 5 huongeza takriban kilo 2 kwa mwaka. Uzito uliochukuliwa miezi 3 iliyopita, kwa mtoto anayekua vizuri, umekosea kwa karibu nusu kilo tu. Hakuna kanuni ya umri inayoweza kufika hapo. Mjukuu wa nyanya wa Kasigau angekuwa na kitabu chake, muuguzi asingelazimika kuchagua kati ya 10 na 14.

Kwa wazazi, basi, ombi ni dogo. Mtoto apelekwe kupimwa uzito kila mwezi kama kliniki inavyoagiza, hata baada ya chanjo kuisha, maana baada ya hapo ndipo kurasa za vitabu vingi hubaki tupu. Kitabu kikae mahali ambapo nyanya, shangazi au jirani atakipata mama akiwa shambani au kazini. Mhudumu wa afya ya jamii anapopita nyumbani, aandike uzito na tarehe humo, si kwenye daftari lake peke yake. Mtoto akishikwa na degedege nyumbani, alazwe ubavu, asitiwe kitu mdomoni, apelekwe kituo kilicho karibu, na kitabu kitiwe ndani ya leso iliyombeba. Dawa za degedege na sindano za malaria ni za kituo cha afya. Mzazi asijaribu kuzitoa nyumbani.

Kwa wahudumu, ombi ni la neno moja. Kukadiria si kosa. Mtoto anayetetemeka hawezi kusubiri betri ya mizani. Kosa ni kukadiria na kuacha namba hiyo ionekane kama kipimo. Neno "makadirio" kando ya kilo humwambia anayepokea mgonjwa kwamba kazi ya kupima bado inamngoja, na kwamba aifanye kabla ya dozi inayofuata.